Polaraiza ni pembe: maji ya Nyali, kioo cha duka na anga la Fort Jesus

*Shikamoo mwalimu. Nimenunua filta ya polaraiza hapa Mombasa kwa ajili ya kamera yangu yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Asubuhi nikiwa ufuoni Nyali ilinionyesha mchanga na mawe chini ya maji miguuni pangu, lakini maji ya mbele kidogo hayakubadilika sana. Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni pale Fort Jesus, anga lilitoka jeusi upande wa kushoto na jeupe upande wa kulia. Na kioo cha duka moja Mji wa Kale hakikubadilika hata kidogo, nilizungusha mpaka nikachoka. Je, niliuziwa filta bandia?*

Marahaba mwanangu. Kwa ushahidi ulioutoa mwenyewe, filta yako ni nzima. Bandia zipo, na kwa kawaida huwa ni kioo cheusi cha kawaida kilichotiwa kwenye fremu inayozunguka, lakini kioo cha namna hiyo kisingekuonyesha mchanga wa Nyali hata ungekizungusha mpaka jua lizame. Ukitaka kuuondoa wasiwasi kabisa, chukua kikokotoo kile cha dukani chenye tarakimu nyeusi, au kompyuta ya mapajani iliyowashwa, uitazame skrini yake kupitia filta huku upande wa mbele wa filta, ule usioskurubiwa kwenye lenzi, ukiielekea skrini. Izungushe pole pole. Filta ya kweli itafika mahali skrini ikawa nyeusi, na ukizungusha robo duara kutoka hapo itarudi kuwa nyeupe. Kioo cheusi cha kawaida hakifanyi hivyo, kinapunguza mwanga kwa kiasi kile kile popote utakapokigeuzia.

Kwa hiyo kilichobadilika kati ya asubuhi yako na jioni yako ni mahali uliposimama. Polaraiza ni chombo kinachotegemea pembe, nayo pembe hupimwa kutoka kwako hadi kwenye uso wa maji, au kioo, au hadi kwenye jua, kutegemea unachokipiga. Watu wengi huambiwa waizungushe tu mpaka wapendezwe na wanachokiona, na ushauri huo si mbaya, ila unakuja baada ya swali la kwanza ambalo ni wapi pa kusimama. Ukisimama pasipo pake, hakuna mzunguko utakaokusaidia.

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyokutii. Mwanga wa jua hutikisika kwenda kila upande: juu na chini, kushoto na kulia, na kimshazari. Unapogonga uso wa maji, sehemu yake huzama na sehemu yake huruka na kukujia machoni, na hiyo inayoruka ndiyo mng'ao unaokuzuia kuona ndani. Sasa, mwanga ulioruka hautikisiki tena kila upande kwa usawa. Mtikisiko ulio sambamba na uso wa maji huruka kwa wingi, ule mwingine huzama. Ndani ya filta mna utando unaopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu, kama ua wa fito zilizosimama unavyoiruhusu kamba inayotikiswa juu na chini kupita katikati yake, lakini ukaizuia ile inayotikiswa kushoto na kulia. Ukizigeuza fito zisimame wima, mng'ao wa maji, ambao umelala, unakwama, na mwanga uliotoka kwenye mchanga chini unapita.

Lakini kuna pembe moja tu ambayo kwayo mng'ao huwa umelala wote kabisa, bila kuchanganyika na mtikisiko mwingine wowote. Pembe hiyo aliieleza mwanafizikia Mskoti David Brewster mwaka 1815, na kwa maji ni kiasi cha nyuzi 53 kutoka mstari wa wima, yaani unapoyatazama maji kwa mteremko wa nyuzi 37 hivi kutoka uso wake. Huna haja ya kubeba kipimapembe ufuoni, kwa kuwa pembe hiyo ina njia nyepesi ya kuipata: chukua kimo cha lenzi yako kutoka usawa wa maji, ukizidishe kwa moja na theluthi, na jibu ni umbali wa mahali ambapo filta itafanya kazi yake yote.

Tufanye hesabu ya asubuhi yako. Umesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, lenzi iko mita 1.6 juu ya maji. Mara moja na theluthi ni kama mita 2.1. Basi mahali ambapo mng'ao ulitoweka ni hatua mbili tatu mbele ya vidole vyako, ndiyo maana uliona mchanga na mawe miguuni. Maji yaliyokuwa mita 20 mbele uliyatazama kwa mteremko wa chini ya nyuzi 5, na kwa mteremko huo mng'ao ni mwingi na umechanganyika, kwa hiyo filta iliupunguza tu bila kuumaliza. Filta hiyo hiyo, kwenye maji hayo hayo, dakika ile ile.

Dawa yake ni kupanda juu. Ukisimama kwenye ukuta au gati ambapo lenzi inafika mita 4.5 juu ya maji, pale panapotii pamesogea mpaka mita 6 mbele. Ukipata roshani iliyo mita 15 juu ya maji, panafika mita 20, na eneo linalofaa kabla na baada ya hapo limepanuka nalo, kwa sababu pembe haibadiliki ghafla na nyuzi kumi kila upande bado hutoa matokeo mazuri. Kwa sababu hiyo picha zile za ngalawa inayoonekana kama inaelea hewani juu ya mchanga, na kivuli chake kimelala chini yake, karibu zote zimepigwa kutoka juu. Mpigaji aliyesimama ufuoni hawezi kuipata, hata akiwa na filta ya bei gani.

Mimi mwenyewe picha ya namna hiyo niliipata baada ya kushindwa mara nyingi, nayo ilinihitaji nipange mambo mawili. La kwanza ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua, bahari yetu hukupwa sana asubuhi, mara nyingi karibu saa nne au saa tano, na ndani ya mwamba hubaki maji machache yaliyotulia juu ya mchanga mweupe. Nilimwomba nahodha mmoja anipandishe juu ya paa la boti yake ya kitalii, iliyotia nanga kando ya ngalawa, lenzi ikawa kama mita 4 juu ya maji. Kwa hesabu ile, ngalawa ilipaswa kuwa mita 5 na kitu kutoka kwangu, nikamwambia aiache isogee kwa kamba mpaka ikafika hapo. La pili ni upande wa kutazama. Jua la saa tano liko juu upande wa mashariki, na ukilikabili moja kwa moja, vimulimuli vyake juu ya maji ni vikali mno kiasi kwamba hata mabaki madogo yaliyopita kwenye filta huacha madoa meupe. Nikageuka ubavu, jua likawa begani. Nilipozungusha filta, kwanza maji yaliondoka rangi ya bati, kisha mchanga ukatokea, halafu kivuli cha ngalawa na mirengu yake miwili kikajichora chini kana kwamba kimekatwa kwa mkasi.

Hapo naomba niseme kosa nililolifanya dakika moja baadaye, maana utalifanya nawe. Nilitaka picha ya wima ili tanga liingie lote. Niliigeuza kamera, nikapiga picha kumi, nikashuka. Nyumbani niliona maji ya picha zote kumi yamerudi kuwa bati, tena yaking'aa kuliko kama nisingevaa filta kabisa. Nilipoigeuza kamera robo duara, filta iligeuka pamoja nayo, na fito zilizokuwa zimesimama zikalala: zikazuia mwanga wa mchanga na kuupitisha mng'ao wote. Kila unapoigeuza kamera, zungusha filta upya. Filta nyingi zina alama ndogo ukingoni, na kwa zenye alama unaweza kujifunza alama iwe wapi kwa ajili ya maji. Kama yako haina, weka nukta ya rangi ya kucha.

Kuna mambo ambayo filta haiyawezi kwenye maji, hata pembe ikiwa sahihi. Maji yenye mawimbi hayana uso mmoja, kila wimbi lina mgongo wake na mteremko wake, kwa hiyo vipande vingine vinatii na vingine vinabaki vinameta. Wakati wa kusi kali utapata maji yenye madoadoa, wakati kaskazi tulivu ya asubuhi hukupa uso kama sinia. Aidha, filta huondoa kilicho juu ya maji na haisafishi kilicho ndani. Mvua za masika zikishateremsha udongo kwenye mkono wa bahari wa Tudor, ukiondoa mng'ao utaona tope kwa uwazi zaidi, na mara nyingi mng'ao wa anga ulikuwa na sura nzuri kuliko tope. Vivyo hivyo jahazi lililotulia Bandari ya Kale na taswira yake majini: ukiifuta taswira hiyo umeifuta picha. Hapo iache filta mfukoni, au izungushe kinyume, taswira izidi.

Sasa kioo cha duka. Kioo hufuata kanuni ile ile, ila pembe yake ni kama nyuzi 56 kutoka mstari unaotoka moja kwa moja kwenye uso wake, na badala ya moja na theluthi, kizidisho ni moja na nusu. Kwa kuwa kioo cha dirisha kimesimama, umbali huo hupimwa kwenda kando. Ukiwa mita 1 kutoka kwenye kioo, unachotaka kukiona kiwe nyuma ya sehemu ya kioo iliyo mita 1.5 kushoto au kulia kwako. Wewe, bila shaka, ulisimama mbele ya dirisha ukalitazama uso kwa uso, kama mteja anavyosimama. Mwanga unaoruka uso kwa uso hauna upande unaoupendelea, unatikisika kila upande kama ulivyokuja, kwa hiyo filta haina cha kushika. Hukukosea kuzungusha, hapakuwa na kitu cha kuzungushia.

Jaribu hivi utakaporudi. Ulisogelee dirisha mpaka uwe sentimita 60 kutoka kwenye kioo, usimame kwenye pembe yake, kisha utazame kitu kilicho sentimita 90 kando. Zungusha. Utaona mtaa uliokuwa umejichora juu ya kioo, pikipiki, nyaya za umeme na wewe mwenyewe, ukififia, na sahani za halua au vito vilivyo ndani vikijitokeza. Angalia pia alama ya filta imesimama wapi: itakuwa robo duara mbali na pale ilipokuwa kwa maji, kwa sababu uso wa kioo umesimama na mng'ao wake umesimama nao. Jambo hilo lina matokeo ambayo wengi hawayategemei. Ukipiga picha moja yenye dimbwi la mvua barabarani na dirisha pembeni yake, huwezi kuvifuta vyote viwili. Ukiliua dimbwi, dirisha linang'aa. Chagua kimoja.

Gharama ya kusimama pembeni ni kwamba dirisha litaonekana limepinda, upande mmoja mkubwa na mwingine mdogo, na vitu vitapangika kwa mshazari. Ikiwa mwenye duka anataka picha ya uso kwa uso, polaraiza si chombo cha kazi hiyo, na mimi siibebi. Ninaomba buibui au kitambaa kikubwa cheusi, watu wawili wanakishika nyuma yangu, lenzi inachungulia katikati. Kinachong'aa kwenye kioo ni kile kilicho nyuma yako, basi kikiwa cheusi hakuna kitakachong'aa. Ni mbinu ya kizamani na huwashinda wengi kwa haya ya kuombea buibui mtaani tu. Kwa kabati dogo la maonyesho, kuiegemeza lenzi kwenye kioo chenyewe, kwa idhini ya wenyewe, hutosha.

Ukiwa Mji wa Kale, ujaribu pia kwenye milango ya nakshi. Mbao iliyopakwa mafuta au vanishi inang'aa kama kioo na inatii kama kioo: simama pembeni kwa kipimo kile cha moja na nusu, zungusha, na utando mweupe utaondoka juu ya mbao, rangi ya kahawia iliyokolea itokee na kila mkato wa nakshi upate kivuli chake. Ukibahatika kupata mlango wenye njumu za shaba, zitazame kwa makini. Mbao itabadilika, njumu zitaendelea kuwaka vile vile. Madini hayachagui mtikisiko kama maji, kioo na vanishi yanavyochagua, kwa hiyo filta hii haiwezi kuzima mng'ao wa shaba, bati wala kioo cha kujitazama kilichopakwa fedha nyuma. Mara nyingi hilo ni baraka, kwa sababu mbao inatulia na shaba inabaki hai.

Nimeacha anga mwisho kwa kuwa kosa lako la Fort Jesus lilikuwa la namna nyingine. Angani hakuna uso wa kupima. Mwanga wa buluu tunaouona umetawanywa na molekuli za hewa, na mtawanyo huo nao huupanga mtikisiko, lakini kwa kiasi kinachotegemea umbali wa kipande hicho cha anga kutoka kwenye jua. Karibu na jua hakuna mpangilio, wala upande ulio kinyume kabisa na jua. Mpangilio unafikia kilele nyuzi 90 kutoka jua, kwenye ukanda unaolizunguka anga lote kama mshipi. Kuupata mshipi huo, nyosha kidole cha shahada kulielekea jua, kidole gumba ukisimamishe kwa pembe mraba, kisha uzungushe kifundo cha mkono bila kukiondoa kidole cha shahada kwenye jua. Popote gumba linapopita ndipo anga litakapokolea.

Kwetu Mombasa kuna njia fupi zaidi. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini. Asubuhi jua likiwa chini mashariki, au jioni likiwa chini magharibi, mshipi huo unatoka kaskazini, unapita utosini na kushuka kusini. Basi ukielekea kibla, au ukikipa mgongo, asubuhi na jioni filta itakupa buluu nzito kuliko zote. Ukitazama mashariki baharini, hutapata kitu angani: asubuhi umelikabili jua, jioni umelipa kisogo. Kipimo hiki kinayumba kidogo mwezi wa Juni na Desemba, jua linapochomoza na kutua nyuzi ishirini na kitu kando ya mashariki na magharibi halisi, na hapo gumba litakusahihisha. Saa sita na nusu mchana, hasa mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua linapotupitia utosini kabisa, mshipi hulala chini kulizunguka jiji lote kwenye upeo. Kwa nadharia kila upande ungefaa, lakini hewa yetu ya pwani imejaa unyevu na chumvi hapo chini, na mwanga uliotawanywa na matone ya unyevu haujapangika. Utapata weupe uliotiwa kijivu. Saa hizo mimi hupiga maji na kuliacha anga.

Tukirudi kwenye picha yako: saa kumi na moja jua lilikuwa kama nyuzi 20 juu ya upeo, magharibi. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani ulikuwa upande wa bara wa ngome ukielekea kaskazini mashariki, na lenzi ukaifungua yote kwenye milimita 18. Ikiwa kamera yako ina kihisi kidogo kama zilivyo nyingi za lenzi hizo, 18 inachukua upana wa nyuzi 66 hivi. Ukingo wa kushoto wa fremu ulikuwa karibu na kibla, ndani ya mshipi kabisa, ukatoka mweusi. Ukingo wa kulia ulikaribia mashariki, kinyume cha jua, ukatoka mweupe. Filta ilikuonyesha kwa uaminifu anga lilivyo, ila jicho letu halijazoea kuliona hivyo.

Yapo marekebisho. Rahisi zaidi ni kuivuta lenzi kwenye milimita 35 au zaidi na kuelekea karibu na kaskazini, ili fremu yote, ambayo sasa ina upana wa kama nyuzi 37, ikae ndani ya mshipi. Mnara mweupe wa msikiti dhidi ya anga la kaskazini saa hiyo ndiyo picha ninayompa kila mwanafunzi wangu kama zoezi la kwanza. Kama ni lazima upate upana wote, zungusha filta mpaka nguvu yake yote, kisha irudishe nyuma hadi nusu, mpaka tofauti ya pande mbili isionekane kwenye kidirisha. Na kwa picha za kuunganisha vipande vingi upana, ivue kabisa, kwa sababu kila kipande kitatoka na buluu yake na maungio hayatafichika. Jihadhari pia na tamaa: kwenye hewa safi iliyooshwa na mvua, nguvu yote huweza kulifanya anga kuwa karibu jeusi, na mawingu yanaonekana yamebandikwa. Robo tatu ya nguvu huwa inanitosha.

Filta hii hula mwanga, kati ya stopu moja na stopu mbili, yaani hukubakishia kati ya nusu na robo ya mwanga. Jua kali la ufuoni lililokupa 1/400 kwa f/8 na ISO 100, ukiivaa utapata kama 1/125. Ukiwa umesimama nchi kavu hilo si neno, lakini juu ya boti inayoyumba picha zitatikisika, basi pandisha ISO hadi 400 urudi kwenye kasi uliyoizoea. Jua likishazama ivue, maana itabaki kukunyang'anya mwanga ambao tayari ni haba.

Na uivue, au uipunguze nguvu, unapopiga watu na samaki. Mng'ao mdogo juu ya paji la uso na mashavu ndio unaoipa ngozi yetu nyeusi umbo na uhai, na filta ikiwa kwenye nguvu yote huufuta, uso ukatoka kama umepakwa vumbi. Nimewahi kumpelekea muuza samaki picha za changu wake waliotoka baharini asubuhi hiyo hiyo. Akazitazama, akaniuliza kwa nini nimempigia samaki wa juzi. Nilikuwa nimeuondoa ule umaji wa magamba ambao mnunuzi huutazama kwanza.

Mwisho ni utunzaji. Hewa yetu ya chumvi hukausha uchafu ndani ya pete ya kuzungushia, na siku moja pete inagoma au, vibaya zaidi, filta nzima inaanza kufunguka kwenye lenzi badala ya pete kuzunguka. Zoea kuizungusha upande wa kukaza tu. Ukivuka nafasi uliyoitaka, endelea mbele nusu duara, nafasi hiyo hiyo utaikuta tena upande wa pili. Nimeona filta moja ikitumbukia Bandari ya Kale kwa kuzungushwa upande wa kulegeza. Ukirudi nyumbani, ifute kwa kitambaa laini kilicholowa maji matamu kidogo, uikaushe kivulini. Usiiache ndani ya gari juani, kwa sababu utando wa katikati umegandishwa kwa gundi baina ya vioo viwili, na joto likiilegeza utaona ukingoni rangi ya manjano au viputo vinavyotambaa kwenda ndani.